Operesheni ya uvimbe wa kizazi imesogezwa kwa sababu ya hemoglobini 7.2: la kufanya hapa katikati

*«Dokta, mulinipa siku ya Jumanne. Nimekuja na mfuko wangu, sikula tangu usiku, dada yangu akafunga meza yake ya sokoni ili anisindikize. Saa tatu mukasema damu yangu ni kidogo, nirudi nyumbani, mutanipigia. Siku zangu zinakaribia tena na munajua namna ninavyotoka damu. Kwa nini musinitie tu damu munipasue? Na hapa nyumbani nifanye nini?»*

Mama, pole sana kwa asubuhi ile. Mtu wa kukueleza alipaswa kukaa na wewe chini robo saa kabla hujafunga mfuko, na mtu huyo ni mimi. Nilikuwa ndani na mgonjwa mwingine, nikamtuma muuguzi, naye akakuambia maneno mawili yaliyo kweli lakini hayatoshi. Basi nayaandika yote hapa, umsomee na dada yako.

Karatasi ya labo ya Jumatatu jioni inasema hemoglobini 7.2. Hemoglobini ndiyo ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa kutoka kwenye mapafu kwenda kila mahali mwilini. Mwanamke asiye mjamzito tunamtazamia kuwa na 12 au zaidi, na sisi wa Bukavu, tunaokaa karibu mita 1,500 juu ya bahari, mwili hujiongezea kidogo kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Kwa hiyo 7.2 ya Bukavu ni pungufu zaidi kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Wewe unatembea, unapanda ngazi za Kadutu ukipumzika mara mbili, unafikiri ni uchovu. Umezoea, kwa kuwa damu ilishuka polepole kwa miaka miwili na moyo ukapata nafasi ya kujifunza kupiga haraka. Mezani kwangu isingeshuka polepole.

Nikupigie hesabu kwa penseli. Una kilo 58. Mtu wa uzito huo ana karibu lita tatu na nusu hadi nne za damu, tuseme 3.8. Kutoa uvimbe kwenye kizazi na kukiacha kizazi chenyewe, kama ulivyoomba kwa sababu bado unataka mtoto, ni kukata mahali penye mishipa mingi. Kizazi chako kimefika ukubwa wa mimba ya miezi minne. Siku nzuri utapoteza nusu lita au chini ya hapo. Siku mbaya, na siku mbaya hazipigi hodi, unaweza kupoteza mililita 800 au zaidi. Mililita 800 ni kama sehemu moja ya tano ya damu yako. Tukijaza nafasi hiyo kwa seromu, mtu aliyeingia na 11 anabaki na karibu 8.7: atakuwa dhaifu, lakini atazungumza na sisi jioni. Aliyeingia na 7.2 anabaki na 5.7. Hapo moyo wenyewe unaanza kukosa hewa, na mwenzangu anayekulaza usingizi anabaki hana la kushika. Yeye ndiye aliyekataa asubuhi ile, nami nikakubaliana naye kabla hajamaliza sentensi.

Sasa swali lako la damu ya kutiwa, ambalo ni swali zuri. Ndiyo, chupa moja inapandisha hemoglobini karibu pointi moja. Ili nikufikishe 10 ningehitaji chupa tatu kabla hata sijashika kisu, kisha niweke nyingine mbili kando kwa ajili ya operesheni. Chupa tano kwa mgonjwa mmoja asiye na dharura, wakati damu ya friji inangojewa na watoto wa malaria na akina mama waliotoka kujifungua: sitaziomba, na nikiziomba sitapewa. Lakini hata friji ingejaa, bado ningekurudisha. Damu ya mtu mwingine tunaipima ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, na kaswende, na hata hivyo hatari haifiki sifuri kabisa. Mwili pia unaweza kutengeneza silaha dhidi ya damu ngeni, na hilo linaweza kumsumbua mtoto wa kesho unayemtaka. Damu ya kutiwa ni ya mtu asiyeweza kusubiri. Wewe unaweza. Uvimbe huu umekua kwa miaka. Wiki sita hazitaubadilisha kuwa kitu kingine, na aina yake kugeuka saratani ni jambo la nadra sana.

Tatizo lako la msingi si damu iliyotoka tu. Ghala ya chuma imekauka. Kila mwezi unamwaga chuma kingi kuliko unachokula, na bila chuma mfupa hauwezi kutengeneza hemoglobini hata ukila nini. Najua ghala imekauka kwa mambo mawili. Chembe zako nyekundu ni ndogo na zimepauka, labo imeandika hivyo. Jambo la pili ulilisema wewe mwenyewe ukicheka, nami sikucheka: kwamba tangu mwaka jana unatafuna ule udongo wa kula unaouzwa sokoni, vipande viwili vitatu kwa siku, na usipoupata unausikia harufu kama mvua ya kwanza. Hamu hiyo ni ya mwili usio na chuma. Ubaya wake ni kwamba udongo wenyewe unashika chuma tumboni na kukizuia kisiingie, na mara nyingine unakuja na mayai ya minyoo. Uache leo. Watu wengi huniambia kwamba hamu inakatika yenyewe ndani ya wiki chache za vidonge, kabla hata kipimo hakijapanda sana.

Tuje kwenye vidonge vya feri. Nimekuandikia vile vyenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi foliki. Kimoja, asubuhi, kila siku. Naandika «kimoja» nikijua kuna mtu atakuambia umeze vitatu ili uharakishe. Usimsikilize. Ukimeza chuma, ini linatoa ishara inayofunga mlango wa utumbo kwa muda wa kama siku nzima. Kidonge cha saa sita na cha jioni vinakuta mlango umefungwa. Haviingii kwenye damu, vinabaki tumboni kukuletea kichefuchefu na choo kigumu, na siku ya nne unaacha vyote. Kimoja kilichoingia ni bora kuliko vitatu vilivyopita njia.

Hapa ndipo watu wa mji wetu wanapopotea, kwa hiyo nivumilie nirefushe. Sisi tunaanza siku na chai. Chai nyeusi, chai ya maziwa, vyovyote, na mkate au mandazi. Majani ya chai yana kitu kinachokamata chuma na kukifunga kabisa; kahawa inafanya vilevile, na maziwa yanazuia kwa njia yake. Ukimeza kidonge na chai, sehemu kubwa ya chuma umeitupa chooni. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mgonjwa, mwalimu wa Bagira, tatizo kama lako. Alianza na 7.5. Alimeza vidonge bila kukosa hata siku moja, alinionyesha pakiti tupu, na baada ya wiki nne kipimo kikasema 7.9. Nilikuwa karibu kumtuhumu kwamba ananidanganya. Kisha nikamwuliza anieleze asubuhi yake dakika kwa dakika. Akasema: naamka, nawasha makala, naweka chai, namimina kikombe, nachukua kidonge. Kikombe kilekile. Hatukubadilisha dawa. Tulibadilisha saa: kidonge alfajiri kabla ya kuwasha makala, na maji yaliyokamuliwa nusu limau, chai akanywa saa nne shuleni wakati wa mapumziko. Wiki tano baadaye alikuwa na 10.1.

Fanya hivyo hivyo. Weka kidonge karibu na kitanda pamoja na kikombe cha maji. Ukiamka, kamua nusu limau au kula chungwa moja, umeze, kisha usile kitu kwa saa moja, na usinywe chai wala kahawa kwa saa mbili. Chai sikunyimi, nimeisogeza tu. Kama tumbo linachafuka sana, meza na chakula kidogo kisicho na chai wala maziwa, au umeze siku moja na kuruka moja. Bora hivyo kuliko kuacha. Na dawa za kiungulia zile za kutafuna zikae mbali na kidonge kwa saa mbili pia.

Choo chako kitakuwa cheusi, kama kijani iliyokolea. Usiogope, ni chuma kilichobaki, na kwangu mimi ni ushahidi kwamba unameza. Cha kuogopesha ni choo cheusi kinachong'aa kama lami, kinachonata na kunuka vibaya isivyo kawaida. Hicho ni damu kutoka tumboni, na hapo unakuja siku hiyohiyo.

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, kwa sababu chakula peke yake hakitakutoa 7.2 mpaka 10 kwa wiki sita. Kinasaidia tu. Chuma kinachoingia kwa urahisi kiko kwenye nyama, maini na samaki, na sambaza wa ziwani, wakiliwa wazima, ni bei inayowezekana kuliko nyama. Sombe, lengalenga na maharage vina chuma pia ila mwili unakichukua kwa shida. Ukiongeza sambaza kidogo kwenye sufuria hiyohiyo au kukamulia limau juu, kinaingia vizuri zaidi. Ile juisi nyekundu ya biti, na soda nyekundu inayochanganywa na maziwa, watu wanakuletea kwa upendo. Kunywa ukipenda, lakini rangi nyekundu siyo chuma. Kama ingekuwa rangi, ningekuandikia nyanya.

Jambo la pili kwa uzito ni kuziba mwanya. Kujaza pipa huku bomba liko wazi chini ni kazi bure, na siku zako zinakuja, umesema, baada ya siku kumi hivi. Kwa hiyo kuna dawa ya pili kwenye karatasi: asidi traneksamiki, vidonge vya miligramu 500. Usiianze sasa. Siku damu inapoanza kutoka kwa nguvu, meza viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, kwa siku tatu au nne, kisha uache. Haisimamishi hedhi, inasaidia damu kuganda mahali inapotoka, kwa hiyo kiasi kinapungua. Nilikuuliza kama umewahi kuvimba mguu mmoja kwa damu kuganda, wewe au mzazi wako, ukasema hapana, na humezi vidonge vya kuzuia mimba. Ndiyo maana nimekupa. Usimgawie jirani hata kama anatoka damu kama wewe, maana sijamwuliza yeye. Na ukimeza dawa hii mguu mmoja ukavimba na kuuma, au kifua kikachoma ghafla ukikosa pumzi, acha na uje mbio.

Siku hizo hesabu koteksi. Sisemi kwa kukadiria. Chukua kalenda ya ukutani na kalamu, kila unapobadili uweke mstari mmoja, na mistari ya usiku pia. Kama unatumia kitambaa, hesabu kila unapokifua. Mwezi uliopita ulisema «nyingi sana», nami sikujua nyingi ni ngapi. Mwezi huu nataka namba, kwa sababu ikiwa traneksamiki haijapunguza kitu, nitakupa dawa ya homoni ya kuzuia hedhi kabisa mpaka operesheni, na ni afadhali nijue hilo mapema.

Maumivu ukiyapata, parasetamoli, gramu moja, si zaidi ya mara tatu kwa siku. Aspirini usiiguse kabisa kuanzia leo. Na zile dawa za kienyeji za «kusafisha kizazi», za kunywa au za kuingiza chini: naomba uziache. Sigombani na mtu, lakini nimewahi kumlaza mezani mama aliyekuja na kizazi kilichoungua na kuoza kwa ajili ya dawa ya kuingiza, na badala ya kutoa uvimbe nikalazimika kutoa kizazi chote. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Kuna mambo mawili madogo ambayo labo itamalizia wiki hii: choo kwa ajili ya minyoo, na kipimo cha damu kinachoonyesha kama una chembe mundu za kurithi, maana hatujakuta karatasi yake kwenye faili lako. Ukipata homa, pima malaria siku hiyo, usisubiri ikuchoshe. Malaria moja inaweza kula pointi mbili ulizozipata kwa mwezi mzima. Na ukikosa siku zako, niambie kabla ya jambo lingine lolote. Umeolewa, unataka mtoto, na wiki sita ni ndefu. Mimba ikiingia sasa, operesheni hii haifanyiki, na mpango unageuka wote.

Hapa chini sitaki usubiri simu yangu wala tarehe. Koteksi ikilowa yote ndani ya saa moja, na inayofuata vilevile. Mabonge ya damu makubwa kuliko limau yakitoka moja baada ya jingine. Ukikosa pumzi umekaa tu, si ukipanda ngazi. Ukizimia, au moyo ukidunda kwa nguvu usiku umelala. Maumivu ya tumbo ya ghafla yasiyokuachia usimame, au homa pamoja na uchafu unaonuka. Lolote kati ya hayo, nenda hospitali iliyo karibu, hata kama siyo yetu, usiku uleule. Beba karatasi ya labo ya 7.2 na ile yenye grupu yako ya damu. Vitakuokolea nusu saa ya maswali. Hapo umekuwa mtu asiyeweza kusubiri, na chupa za damu ni zako bila ubishi.

Tarehe sasa. Najua ndilo ulilolitafuta tangu mstari wa kwanza. Siku yenyewe sitakupa leo, kwa sababu ile Jumanne niliitaja kabla ya kipimo na umeona matokeo yake. Nakupa namna itakavyopatikana. Baada ya wiki nne za vidonge, uje Jumatatu asubuhi upime tena, labo yetu hiihii, kwa maana mashine mbili tofauti zinaweza kupishana nusu pointi na mimi natafuta kujua umepanda kiasi gani. Ukimeza sawasawa, na hedhi ikapungua, natazamia kukuona karibu na 9. Hiyo ni ishara kwamba njia ni nzuri. Unaendelea wiki mbili nyingine, tunapima, na ikifika 10 unaingia kwenye orodha ya Jumanne inayofuata, mstari wa kwanza asubuhi. Nimeshamwambia muuguzi mkuu aliandike jina lako hivyo, usirudi mwisho wa foleni.

Kama baada ya wiki nne umepanda chini ya pointi moja, hatutaongeza vidonge. Tutatafuta kwa nini havikuingia, kuanzia kikombe cha chai, kisha tutakupa chuma kwa mshipa, ndani ya seromu, mara kadhaa, siku moja na kuruka moja au mbili. Ni ghali zaidi na lazima ukae hospitali saa chache kila mara, ndiyo maana sikuanza nayo. Na ukibaki kwenye 9 na nusu huku unaendelea kumwaga kila mwezi, tutakaa watatu, mimi, wewe na mwenzangu wa usingizi, tuamue. Namba 10 siyo mpaka wa nchi.

Mwisho ni wale watu wawili wa kutoa damu. Muuguzi alikuambia uwalete, nawe ukataka kumleta mume wako kesho. Asije kesho. Damu iliyotolewa inakaa kwenye friji siku 35 tu, na ikitolewa leo itakuwa imeisha muda au imepewa mwingine kabla hujafika mezani. Waje wiki ile moja kabla ya operesheni, wawe wamezidi miaka 18 na kilo 50, wale asubuhi kama kawaida. Si lazima wawe na grupu yako. Damu yao inaingia kwenye friji na wewe unatengewa chupa mbili za grupu yako. Mume wako ni afadhali asitoe kabisa, kwa ajili ya yule mtoto: damu yake ikifika kwako, mwili wako unaweza kujifunza kuipiga vita, kisha ukampiga vita mtoto mwenye damu ya baba yake. Ndugu zake vilevile, maana damu yao inafanana na yake. Mwambie akutafutie marafiki wawili wenye mwili, na siku sita za wiki akuamshe saa kumi na moja kwa kidonge. Siku ya saba akuamshe pia.